Pakiti ya dagaa wa Mwanza huko Ujerumani: uchambuzi wa maandishi ya duka

Chini ya picha ya pakiti kulikuwa na maneno haya: "Onja ladha halisi ya nyumbani! Dagaa wetu watamu kutoka Afrika watakurudisha kwenye mapishi ya mama. Wana afya tele, ni tiba ya mifupa na macho. Agiza sasa!"

Duka hilo liko Ujerumani na linauza vyakula vya kwetu: unga wa udaga na wa mtama, michembe, maharage, karanga, na dagaa wakavu kwenye pakiti za gramu 250. Mwenye duka ni dada aliyezaliwa Kirumba. Wateja wake ni Watanzania, Wakenya na Waganda wanaoishi huko, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko huko. Bidhaa nyingine zilikuwa zinatoka vizuri, ila dagaa walikuwa wanakaa rafuni, na hilo lilimshangaza kwa sababu kabla hajafungua duka, dagaa ndio watu walikuwa wakimwomba kuliko kitu kingine. Alinitumia maandishi yale nikiwa hapa Mwanza, kazi yangu ikiwa kuandika maelezo ya bidhaa, akasema, "Kaka, naomba uyaongezee hisia."

Kabla ya kuandika chochote nilimwomba anirushie jumbe za WhatsApp za watu waliowaulizia dagaa kisha wasinunue. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu nyumbani. Wengi waliuliza kama wana mchanga. Wengine waliuliza kama ni wa Mwanza au wa Kigoma, au kama vichwa vimetolewa. Na lilikuwepo swali moja lililorudi kwa sura tofauti tofauti: nikiwapika ndani ya fleti na madirisha yamefungwa kwa baridi, majirani hawatalalamika?

Ukiyasoma haraka, utaona ni maswali ya mnunuzi mwenye mashaka tu. Lakini mtu anayeuliza kuhusu mchanga ni mtu aliyewahi kutafuna dagaa ukamkwaruza kwenye jino, akatazama pembeni kama kuna mgeni, akaendelea kula. Anayeuliza Mwanza au Kigoma ana kwao, na kwao pana ziwa lake. Kumbukumbu wanayo tayari, tena kali kuliko tunayoweza kuwaandikia. Walichokosa ni uthibitisho kwamba kilichomo kwenye pakiti ni kile wanachokikumbuka. Maandishi ya zamani yaliwaambia "nyumbani" bila kusema ni wapi, kwa hiyo kila mmoja alibaki na wasiwasi wake.

Tuyatazame neno kwa neno, kwa maana makosa yake yapo kwenye maduka mengi ya namna hii. "Kutoka Afrika" ni maneno ya kumwelekeza Mjerumani. Mtu wa Igombe akiulizwa anatoka wapi, jibu lake halianzi na bara. "Watamu" halimsaidii mtu, kwa kuwa dagaa wana utamu wao na uchungu wao, na wengi wanaowapenda wanaupenda uchungu huo. "Mapishi ya mama" yana tatizo lililo zito zaidi. Miongoni mwa wasomaji wamo waliofiwa na mama wakiwa ughaibuni wakashindwa kurudi kuzika, na wamo waliolelewa na bibi au shangazi, na wamo waliojifunza kula dagaa shule ya bweni ambako hakuna mama yeyote aliyekuwa karibu na lile sufuria. Ukimtaja mama, unamchagulia msomaji mtu wa kumkumbuka. Ukiutaja ungo, msomaji ataona mwenyewe ni nani aliyekuwa ameushika.

Halafu lipo neno "tiba", ambalo linaweza kumtia dada yule matatani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, inayosimamia taarifa za chakula kwa mlaji, inakataza kusema kwamba chakula kinazuia, kinatibu au kinaponya ugonjwa. Hata kuandika kwamba chakula ni chanzo cha madini fulani kuna masharti yake ya kiasi na vipimo. Dagaa huliwa mzima, mifupa na yote, na kila mtu wa ziwani anajua unampa mtoto kwa nia gani. Lakini kulijua hilo si ruhusa ya kuliandika kwenye pakiti. Tulifuta sentensi yote.

Baada ya hapo nilikwenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba. Dada alikuwa amenipa jina la msambazaji na picha za mzigo, lakini nilitaka kuyaelewa mambo mawili, ukaushaji na rangi, kutoka kwa mtu anayeshika dagaa kila siku. Nilimsalimu mama mmoja anayeuza kwa debe na kwa gunia, nikamwambia nataka kujua wanunuzi wake hutazama nini.

"Marahaba, baba," alisema. "Wa chanja na wa mchanga huwezi kuwachanganya. Wa chanja amenyooka, anang'aa pande zote mbili. Wa mchanga, mtazame machoni na kwenye mashavu, humo ndimo unajificha."

Alichota konzi moja kutoka kwenye kila gunia, akaweka kila konzi kwenye bakuli la maji, akakoroga kwa vidole, akaacha yatulie, kisha akawanyanyua dagaa taratibu. Bakuli la kwanza lilibaki na magamba machache. La pili lilikuwa na tabaka jembamba la mchanga chini. Wa gunia la pili, alisema, wengi huishia kwenye chakula cha kuku, ingawa wapo wanaowanunua kwa ajili ya kula kwa sababu bei yake ni nafuu. Kuhusu rangi, alinionyesha waliogeuka manjano tumboni. Wamenyeshewa wakiwa wanaanikwa, au wamekaa sana mpaka mafuta yao yameanza kuchacha, na ukiwanusa harufu yake inapanda puani tofauti kabisa na harufu ya dagaa mzuri.

Jaribio lile la bakuli nilimwomba dada alirudie kwa pakiti zake tatu kutoka kwenye maboksi tofauti. Hili sikulifanya kwa kumshuku msambazaji. Sentensi "wameanikwa juu ya chanja, si mchangani" ndiyo ingebeba maandishi yote, na ikigeuka uongo kwa mteja mmoja tu, picha ya bakuli lake itafika kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Watanzania wa mji ule kabla ya jioni. Maji yalibaki safi. Sentensi ikaruhusiwa.

Tulibadili pia jambo dogo kuhusu taa. Rasimu ya kwanza aliyoipendekeza dada ilisema dagaa "wamevuliwa kwa karabai". Ni neno zuri, na mtu wa umri fulani akilisikia anaona ziwa usiku, taa zimejipanga majini kama mji mwingine uliojengwa ng'ambo. Lakini alipomuuliza msambazaji, aliambiwa mitumbwi yao inatumia taa za sola. Tukaandika "taa" tu. Aliyekulia enzi za karabai ataijaza karabai yake mwenyewe, na hatutakuwa tumesema jambo lisilo kweli. Kuhusu usiku wa giza hatukuwa na shaka: dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu yake, ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku za mwezi mpevu.

Kuna sheria nyingine niliyodhani itakuwa mzigo, ikawa msaada. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1379/2013 inataka samaki anayeuzwa, hata aliyekaushwa, aonyeshwe jina lake la kibiashara na la kisayansi, kama amevuliwa au amefugwa, aina ya zana iliyomvua, na mahali alikotoka. Kwa samaki wa maji baridi, mahali hapo maana yake ni jina la ziwa au mto pamoja na nchi. Kwa hiyo "Ziwa Victoria, Tanzania" ni maneno ambayo pakiti ililazimika kuwa nayo tangu siku ya kwanza, na ndiyo hayo hayo waliyokuwa wakiyatafuta watu waliouliza kuhusu Mwanza na Kigoma. Dagaa wa Kigoma hutoka Ziwa Tanganyika, ni samaki wa jamii nyingine, na ladha yake ni nyingine. Mpenzi wa Kigoma akinunua dagaa wetu kwa kudhani ni wake atasikitika hata kama wetu ni wazuri kupindukia.

Kwa mauzo ya mtandaoni, taarifa za lazima zinapaswa kuonekana kabla mteja hajalipa, isipokuwa tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo inaweza kusubiri mzigo ufike. Tena ziwe katika lugha inayoeleweka kwa walaji wa nchi ile. Kwa hiyo maandishi ya Kiswahili hayatoshi peke yake. Tuliweka kisanduku cha Kijerumani upande wa juu chenye jina la bidhaa, *Rastrineobola argentea*, ziwa na nchi, zana, uzito, namna ya kuhifadhi, jina na anwani ya mwenye biashara, na neno "samaki" kwa herufi nzito, kwa kuwa samaki ni miongoni mwa vyakula 14 vinavyosababisha mzio ambavyo lazima vijitokeze. Kisanduku hicho kilitupa uhuru: Kiswahili kilichofuata hakikuhitaji tena kubeba mambo ya ofisi.

Haya ndiyo maandishi tuliyoyafikia.

"Dagaa wa Mwanza, wakavu, gramu 250. Wengine tunawaita omena, wengine mukene.

Wamevuliwa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, usiku wa giza, kwa taa na wavu. Wameanikwa juu ya chanja, si mchangani, wakakauka kwa jua. Ni wadogo, wembamba, rangi ya fedha. Vichwa vipo.

Toa ungo. Kama huna, sinia litatosha. Waite watoto wakae, kila mmoja na fungu lake. Kichwa kinatoka kwa kidole gumba, na utumbo mweusi unakifuata. Uchungu umo humo. Anayeupenda auache.

Osha mara mbili kwa maji ya uvuguvugu. Chemsha dakika tano pamoja na kipande cha tangawizi na maji ya limau, sufuria ikiwa imefunikwa, kisha mwaga maji hayo. Harufu nyingi huondoka nayo. Kaanga kitunguu, weka nyanya tatu, zipike mpaka mafuta yajitenge. Tia dagaa na chumvi, halafu vijiko viwili vya karanga zilizosagwa ulizozikoroga kwa maji. Moto mdogo, dakika kumi.

Nusu ya pakiti inatosha watu wanne, kwa ugali wa udaga au wa mahindi.

Ukishaifungua pakiti, wahifadhi kwenye chombo kinachobana mfuniko, ndani ya friza."

Neno "nyumbani" halimo, na wala mama hayumo. Hilo ndilo lililotugombanisha mimi na dada kwa siku kadhaa. Yeye alitaka angalau mstari mmoja wa "kama alivyopika bibi", na hoja yake haikuwa nyepesi: mteja anapita kwenye picha nyingi akiwa ndani ya treni, bila mstari wa kumgusa hatasimama. Nilimwomba amwonyeshe mtu mmoja maandishi yale bila kumweleza lolote. Alimwonyesha mteja wake wa siku nyingi, mama wa Ukerewe. Yule mama alisoma mpaka "Toa ungo", akaanza kusimulia jinsi walivyokuwa wakikaa barazani na dada zake, mdogo akipewa fungu kubwa kwa kuwa alikuwa mvivu, na paka akizunguka nyuma yao. Bibi aliingia kwenye masimulizi bila kualikwa. Dada alinipigia akasema basi, tuache hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu, nguvu ya sehemu ile imo kwenye kuagiza kazi. Kuchambua dagaa ni kazi ya watu kukaa pamoja kwa nusu saa huku mikono ina shughuli na midomo iko huru. Ukimwambia mtu "kumbuka familia", anasoma na kupita. Ukimwambia "waite watoto wakae", anayo familia mezani jioni ile ile, na mtoto aliyezaliwa kule ambaye hana ziwa la kukumbuka anapata vidole vyake mwenyewe vyenye harufu ya dagaa. Kwa sababu hiyo sikukubali pendekezo la kuagiza dagaa waliokwisha kutolewa vichwa, ingawa wapo na wanauzika. Waingie dukani kama bidhaa ya pili, kwa anayerudi kazini saa mbili usiku peke yake, na maandishi yao yawe mengine kabisa.

Swali la harufu ndilo lililohitaji uangalifu zaidi. Kulikwepa kungekuwa kudanganya, na kuliweka mwanzoni kungewafanya watu waone aibu kwa chakula chao. Njia tuliyoichagua ni kuliingiza ndani ya mapishi kama hatua ya kawaida: maji ya uvuguvugu, tangawizi, limau, mfuniko, mwaga. Kinachojaza harufu ndani ya fleti ni kuwatia dagaa wakavu moja kwa moja kwenye mafuta ya moto. Wa kukaanga ni watamu, na mimi ningewapa nafasi ya kwanza siku zote, lakini kwa mtu wa ghorofa ya nne mwezi wa Januari mapishi ya rojo yanamwezesha kula bila kugombana na mtu. Ya kukaanga tuliyaandika kwenye ukurasa mwingine, tukasema wazi yanafaa siku ambayo dirisha linaweza kuwa wazi.

Kwenye karanga palitaka kutokea hatari. Ndani ya pakiti hakuna karanga, zimo kwenye mapishi tu, lakini msomaji mwenye mzio anayepitisha macho haraka anaweza kuchanganya, na mwingine anaweza kupika kwa wageni bila kuwauliza. Tuliongeza mstari mfupi chini ya mapishi: karanga si lazima, unaweza kutumia tui la nazi au kuacha rojo la nyanya lenyewe. Wapo wa ziwani watakaokunja uso kwa tui la nazi kwenye dagaa. Wa Pwani watafurahi, nao ni wateja.

Majina omena na mukene yamewekwa mstari wa kwanza kwa sababu Mkenya au Mganda akitafuta kwa jina lake asipoliona, kwake bidhaa haipo. Tulisema "wengine tunawaita" ili asijione amepachikwa kwenye mabano ya Watanzania. Ziwa ni moja.

Jambo tulilolikataa moja kwa moja ni lile la kujifanya mzigo umetoka kwa shangazi. Maduka ya ughaibuni hupenda kuandika kwamba bidhaa "imefungwa kwa mikono ya shangazi kijijini" kwa kuwa kila mtu anakumbuka mfuko wa dagaa ndani ya sanduku la safari. Lakini samaki wa kuuzwa Ulaya lazima atoke kwenye kiwanda kilichoidhinishwa, awe na cheti cha afya, na akaguliwe mpakani. Duka likiandika habari za shangazi, ama linadanganya, ama linakiri kwamba limeingiza mzigo kwa njia isiyoruhusiwa. Kwenye ukurasa wa duka tuliandika tu kwamba dagaa hawa wamepitia kiwanda na ukaguzi, sentensi moja, kwa sababu mzazi anayemnunulia mtoto anataka kuisoma.

Baada ya maandishi kubadilishwa, maswali ya mchanga na ya ziwa yalikoma kuja. Yakaanza mengine: ungo unapatikana wapi huku, udaga unakorogwa kwa kiasi gani cha maji, dagaa wangapi kwa watu kumi na watano wa kipaimara. Haya ni maswali ya mtu aliyekwisha kununua, au anayehesabu. Dada ameanza kuweka unga wa udaga kwenye ukurasa ule ule wa dagaa, kwa kuwa mstari wa watu wanne ulikuwa umeshawakutanisha.

Lililobaki ni mstari wa rangi. Mzigo uliofuata ulianikwa wakati wa masika, jua likija na kuondoka, na dada alinitumia picha: dagaa wazima, wakavu, harufu nzuri, bakuli la maji safi, lakini fedha yao imefifia kidogo kuelekea kijivu. Hawajachacha, niliwaonyesha pale Mwaloni kwenye simu na nikahakikishiwa, kwa kadiri picha inavyoweza kuonyesha. Hata hivyo hatukuacha maneno "rangi ya fedha" yasimame juu ya mzigo ule. Kwa pakiti hizo tumeandika: "Wa msimu wa mvua, wamekauka taratibu, rangi imefifia kidogo." Mzigo wa kiangazi ukifika, mstari wa zamani utarudi.